Ringi za boriti: zikatwe ndefu kiasi gani, na ni ngapi?

Mkazi anayejenga hununua vyuma mwenyewe na kumwachia fundi kukata ringi. Hesabu yake si ngumu, na kila mwenye nyumba anaweza kuikagua kabla ya zege kumwagwa.

Chukua boriti yenye upana wa milimita 200, kimo cha 300 na urefu wa mita 4. Ramani inasema ringi ni R8, yaani chuma laini cha milimita 8, kila baada ya milimita 150. Zege la kufunika chuma, ambalo mafundi huliita kava, ni milimita 25.

Kava hupimwa kutoka uso wa zege hadi mgongo wa ringi, si hadi chuma kikuu kilicho ndani yake. Kwa hivyo ondoa 25 kila upande: ringi itakuwa 150 kwa 250, na mzunguko wake ni 800. Ongeza kulabu mbili, kila moja mara 10 ya unene wa chuma, yaani 80. Jumla ni 960. Lakini chuma hurefuka kidogo kinapokunjwa. Kwa kila kona ya digrii 90 toa mara 2 ya unene, na kwa kila kunjo la kulabu la digrii 135 toa mara 3. Kona ni tatu na kulabu ni mbili, hivyo unatoa 96. Zinabaki 864, kata 870. Chuma cha mita 12 kitatoa vipande 13.

Mwambie fundi akate kimoja kwanza, akikunje na kukipima, ndipo akate vilivyobaki.

Sasa idadi. Urefu wa 4,000 ukiondoa kava ya ncha zote mbili ni 3,950. Gawanya kwa 150, upate 26.3. Panda hadi nafasi 27, kisha ongeza moja, kwa sababu nafasi 27 huhitaji ringi 28, kama uzio unavyohitaji nguzo moja zaidi ya nafasi zake. Hizo ni vyuma vitatu, na kipande kikubwa kitabaki. Ukisahau hiyo moja, pengo huachwa mwishoni, karibu na nguzo, ambako kwa kawaida nguvu ya kukata boriti ni kubwa zaidi.

Ringi ikiwa kubwa mno hugusa mbao, na kutu huingia mapema, hasa zege likichanganywa kwa maji ya chumvi, ambayo hupatikana katika visima vingi vya Kitui na Makueni. Ikiwa ndogo mno, vyuma vikuu husogea ndani na boriti hupoteza nguvu. Pima pengo kati ya ringi na mbao pande zote kabla ya kumwaga: lisomeke 25.

Nafasi ya 150 ni uamuzi wa mhandisi. Usikubali ipanuliwe ili kuokoa chuma.