Bili ya hospitali ya randi 36,480: barua ya kuomba kulipa kidogokidogo

Leo tunachukua kisa kimoja tu na kukifuata mpaka mwisho. Dada mmoja kutoka Tanga anafanya kazi za ndani Houghton, na amepanga chumba cha uani hapa Observatory, Johannesburg. Mama yake alikuja kumtembelea kwa viza ya matembezi ya wiki tatu. Wiki ya pili mama akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali ya serikali, akafanyiwa upasuaji, akalazwa siku 11. Mama akapona, akarudi nyumbani. Bili ikabaki kwa binti.

Wengi wanashangaa: hospitali ya serikali, mbona bei kubwa hivyo? Mkazi mwenye kipato kidogo hupangwa kwenye kundi linalopunguziwa ada kulingana na kipato chake. Mgeni aliyekuja kutembea huhesabiwa kuwa mgonjwa wa kulipa kamili. Na siku ya kulazwa kuna fomu inayouliza nani atawajibika na malipo. Dada alisaini hapo usiku, mama analia kwa maumivu, nani angesoma? Kwa saini ile, deni likawa lake.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisha deni ni lako kweli na kiasi ni sahihi. Ukiandika "nakubali ninadaiwa kiasi hiki", umekiri. Kwa sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1969, deni la kawaida ambalo halijadaiwa mahakamani hufikia ukomo baada ya miaka 3, na kukiri kwako kunaanzisha hesabu ya miaka hiyo upya. Kwa hiyo kama bili ni ya zamani, nenda kwanza kwenye ofisi ya msaada wa sheria ya bure, barua baadaye. Vivyo hivyo kama uliumia kazini, kwa sababu hapo panahusika mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Novemba 2020 wafanyakazi wa ndani nao wamo. Kama mgonjwa alikuwa mjamzito, ananyonyesha, au ni mtoto wa chini ya miaka 6, matibabu hospitali ya serikali ni bure hata kwa mgeni asiye na karatasi. Mahakama Kuu ya hapa ilitoa amri hiyo Aprili 2023. Na kama una kibali cha kazi au cha kuomba hifadhi lakini siku ile hukukionyesha, rudi nacho pamoja na hati ya mshahara, uombe kupangwa upya kwenye kundi lako. Bili inaweza kushuka sana kabla hata hujaomba kulipa kidogokidogo.

Dada yetu hakuwa katika hayo yote. Lakini tulimwambia aombe mchanganuo, yaani karatasi inayoonyesha kila huduma, tarehe na bei yake, siyo ile yenye jumla tu. Jumla ya kwanza ilikuwa randi 38,210. Kwenye mchanganuo tukakuta picha ya eksirei ya randi 1,730 imeandikwa mara mbili, tarehe ileile, saa ileile. Alirudi dirishani na karatasi, wakaifuta, ikabaki 36,480. Hakuna aliyebishana naye. Makosa ya namna hii hayaondoki mpaka mtu aulize.

Sasa tuje kwenye namba, maana barua yote inasimama au inaanguka hapo. Mshahara wake ni randi 5,600. Jumamosi anapiga pasi kwa watu Cyrildene, randi 200 kila siku. Matumizi yake ni haya: chumba 2,200, teksi 700, chakula 1,300, umeme na simu 300, ada ya mtoto Tanga 600, na 500 anayomtumia mama. Ukijumlisha unapata 5,600. Mshahara wote umekwisha, kilichobaki ni pesa ya Jumamosi.

Yeye alitaka kuandika 800 kwa mwezi, kwa kuwa Jumamosi nne ni 800. Tukamuuliza: mwaka jana ulipiga pasi Jumamosi ngapi? Kwa wastani tatu kwa mwezi, na Desemba hakuna kabisa kwa sababu wenye nyumba wanasafiri. Basi ni randi 600 kwa miezi 11. Hiyo ni 6,600 kwa mwaka, na ukigawa kwa miezi 12 unapata 550. Hiyo ndiyo namba yake. Kila mwezi anapopata 600 analipa 550 na kuweka 50 pembeni. Mara 11 ni 550, na ndiyo malipo ya Desemba.

Tunajua 550 inaonekana ndogo na ya aibu. Lakini hospitali ikikubali 800 halafu ukakwama mwezi wa tatu, makubaliano yamevunjika na faili linaweza kwenda kwa wakusanya madeni. Ukishafika huko, hata kuaminiwa kwa namba nyingine ni kazi.

Jambo la pili ni malipo ya kwanza. Dada alikuwa kwenye upatu, akamwomba mwenzake wabadilishane zamu, akapata 4,000. Kaka yake wa Dar akatuma 2,000. Jumla ni 6,000, na deni likashuka hadi 30,480. Alikuwa na akiba nyingine ndogo, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Hiyo tulimkataza kuigusa. Ukimpa mdai kila senti uliyonayo, dharura ya kwanza itakula malipo ya mwezi wa pili.

Barua yenyewe itakwenda kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta mtu wa kukutafsiria. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili ili ujue unasaini nini. Usiipeleke wodini wala kwa daktari. Peleka ofisi ya ada za wagonjwa, nakala mbili, moja igongwe mhuri na tarehe urudi nayo.

"Kwa Msimamizi wa Ofisi ya Ada. Mimi ndiye niliyesaini kuwajibika kwa bili ya mama yangu, namba ya faili kama ilivyo hapo juu, aliyelazwa kwenu siku 11. Nimepokea mchanganuo uliorekebishwa wa randi 36,480 na nakubali kiasi hicho. Siwezi kukilipa kwa mara moja. Nimelipa randi 6,000 leo, risiti nimeambatisha, na zimebaki 30,480. Naomba kulipa randi 550 tarehe 3 ya kila mwezi kuanzia mwezi ujao. Nalipwa tarehe 30. Nimeambatisha hati ya mshahara, taarifa ya benki ya miezi mitatu, mkataba wa chumba na orodha ya matumizi yangu. Kipato changu kikiongezeka nitaongeza malipo, na niko tayari tukae tuangalie upya baada ya miezi 12. Naomba mnijibu kwa maandishi, na kwamba bili isipelekwe kwa wakusanya madeni wakati ombi hili linaangaliwa."

Utaona hamna hadithi ya mateso humo. Siyo kwamba hayana maana. Karani wa ada anasoma barua za namna hii kila siku, na anachotafuta ni namba ya faili, kiasi, tarehe na ushahidi. Kama kuna jambo la kibinadamu linaloathiri malipo, kwa mfano umepunguziwa siku za kazi, liandike kwa sentensi moja na uweke karatasi yake. Mengine mwambie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ni vizuri kumwona, kwa sababu anaweza kuandika maelezo yatakayosindikiza ombi lako.

Kwa nini tarehe 3 na siyo 30? Mshahara ukichelewa siku mbili bado uko salama.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: 550 ni ndogo mno, itachukua miezi 56, na wao wanataka miezi 24. Hiyo ni randi 1,270 kwa mwezi. Hapa ndipo watu wengi hukubali kwa woga. Dada alirudi kwa familia kwenye kundi la simu, akaweka karatasi zote mezani. Kaka mwingine anayefanya kazi ya ujenzi Muscat akasema atatoa thamani ya randi 300 kila mwezi. Tukaandika barua ya pili: randi 850 kwa miezi 36. Malipo 35 ya 850 ni 29,750, na la mwisho ni 730. Tuliambatisha barua fupi ya kaka na ushahidi wa pesa alizokwisha kutuma. Tulimwambia dada wazi kwamba mbele ya hospitali kaka hadaiwi chochote. Akiacha kutuma, 850 yote ni ya dada. Kwa hiyo walikubaliana kaka atume miezi miwili mbele kila wakati, ili kukiwa na tatizo dada apate muda wa kuandika tena. Ofisi ikakubali.

Lakini haikuishia hapo. Alipokwenda kusaini, akapewa hati ya kukiri deni. Isome nyumbani, usiisaini kwenye foleni. Tafuta mambo mawili. La kwanza, sentensi inayosema ukikosa malipo mamoja deni lote linadaiwa papo hapo. La pili, sentensi inayosema unakubali hukumu itolewe bila wewe kuitwa mahakamani. Ya kwanza ni ya kawaida, ila omba iongezwe kwamba utapewa taarifa ya maandishi na siku 14 za kurekebisha. Ya pili omba ifutwe, na kama wanakataa, ipeleke ofisi ya msaada wa sheria kabla ya saini. Dada alipewa siku 14. Ya pili ilifutwa kwa kalamu, pande zote wakatia saini ndogo pembeni.

Kulipa kwa benki kuna mtego wake. Kwenye nafasi ya kumbukumbu ya malipo andika namba ya faili, tena ileile kila mwezi. Siyo jina lako, siyo "bili ya mama". Pesa isiyo na namba ya faili hupokelewa lakini haijulikani ni ya nani, na faili lako linaendelea kuonyesha hujalipa. Kila miezi mitatu omba taarifa ya faili ulinganishe na risiti zako. Na mtu akikupigia simu kusema hospitali imebadilisha akaunti, usilipe mpaka uende dirishani mwenyewe.

Mwezi wa tano kaka wa Muscat alicheleweshewa mshahara. Dada aliandika tarehe 28, siku tano kabla: "Malipo ya tarehe 3 yatakuwa randi 550. Zilizobaki 300 nitalipa tarehe 20, juu ya malipo ya kawaida ya mwezi unaofuata." Alilipa tarehe 18, akapeleka risiti, na karani akaandika kwenye faili.