Nani Anaamua Nini Kwenye Filamu

Mwongozo huu ni kwa wanaoingia kwenye kazi ya filamu na kukuta majina manne yanayofanana midomoni: mtayarishaji, mwongozaji, mtayarishaji mtendaji na laini prodyuza. Kila jina linabeba maamuzi yake. Ukijua nani anaamua nini, utajua pia umwendee nani jambo linapokwama saa kumi alfajiri, watu wakiwa wameshapanda gari.

Tuchukue mfano. Filamu inapigwa Bagamoyo kwa siku 18, kwa bajeti ya shilingi milioni 90. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa bajeti hiyo utaona mstari unaoigawa. Juu yake kuna milioni 27: haki za hadithi, skripti, mtayarishaji, mwongozaji na waigizaji wakuu. Hao wanapatana malipo mmoja mmoja, mapema kabisa. Chini ya mstari kuna milioni 47 za kamera, taa, sauti, magari, chakula, mavazi, maeneo na posho za kikosi. Zinafuata milioni 8 za uhariri na sauti baada ya kupiga, na milioni 8 za dharura, yaani karibu asilimia 10 ya gharama zote zilizotangulia. Laini prodyuza amepata jina lake kwenye mstari huo, kwa kuwa eneo lake ni kila kilicho chini yake.

Mtayarishaji ndiye anayeanza wa kwanza na kumaliza wa mwisho. Yeye ndiye anayepata hadithi na kusaini mkataba na mwenye nayo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Kwa kazi ya aina hiyo, makubaliano na mwenye kitabu yanatangulia kila kitu. Kisha mtayarishaji anamchagua mwongozaji, anatafuta fedha, na anahakikisha kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kimepatikana. Filamu ikishakamilika, ndiye anayekaa na wanunuzi. Kampuni iliyosaini mikataba ni yake, kwa hiyo deni likibaki, yeye ndiye anayedaiwa.

Mwongozaji anaamua kile ambacho mtazamaji atakiona na kukisikia: mwigizaji aingie kwa upande gani, kamera isimame wapi, shoti ipi imekubalika na ipi irudiwe. Ndani ya sini neno lake ni la mwisho. Lakini fedha si zake. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa seti unapozaliwa, na ndipo mfano wetu unapotufaa.

Siku ya 12, mwongozaji anatazama ufukwe na kuona jahazi likiingia maji yakiwa yamejaa. Skripti inasema tu kwamba kijana anarudi nyumbani. Yeye sasa anataka arudi kwa jahazi, jua likizama. Kesho maji yatajaa saa 11:20 jioni. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo keshokutwa yatajaa saa 12:10, mwanga ukiwa unakata. Baada ya hapo nafasi imepita mpaka bamvua lijalo. Anamwendea laini prodyuza.

"Dada, nahitaji jahazi kesho jioni."

"Nipe nusu saa, kaka, nikupe hesabu."

Jibu hilo linaonyesha kazi yenyewe. Laini prodyuza hana mamlaka ya kusema wazo ni zuri au baya. Anachosema ni bei yake. Anapiga hesabu: jahazi na nahodha 300,000, saa za ziada kwa watu 32, kila mmoja 20,000, ni 640,000, mlo wa usiku wa watu hao kwa 6,000 ni 192,000, magari na mafuta 168,000, wapita njia wa ufukweni 100,000. Jumla ni 1,400,000. Anafungua fungu la dharura: kati ya milioni 8, milioni 5.1 zimeshatumika kwa siku mbili za mvua na jenereta iliyoharibika. Zimebaki milioni 2.9, na siku sita bado.

Hasemi haiwezekani. Anarudi na njia ya pili: watu 9 tu, kamera moja, hakuna taa, sauti ya bahari irekodiwe peke yake. Jahazi 300,000, saa za ziada 180,000, chakula 54,000, gari moja 60,000. Jumla 594,000. Mwongozaji anatazama kipi kitapotea: wapita njia hawapo, mazungumzo ya ufukweni hayapo. Anaamua kwamba kijana atashuka kimya, na kwamba hivyo ni bora zaidi. Uamuzi huo ni wake peke yake.

Kisha wote wawili wanamwendea mtayarishaji, maana fedha ya dharura haifunguliwi bila saini yake. Anauliza jambo moja: je, sini za hospitali zilizobaki kwenye ratiba, ambazo ni ghali zaidi, zitaathirika? Haziathiriki. Anasaini.

Na mtayarishaji mtendaji? Katika jambo hili hakuhusishwa kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Jina "mtendaji" linapotosha. Kwenye filamu za sinema, mara nyingi ni mtu aliyeleta fedha, au haki za hadithi, au jina lililofungua mlango. Katika mfano wetu ni mfanyabiashara aliyeweka milioni 40. Mkataba wake unampa kuidhinisha skripti, bajeti na mwongozaji kabla ya kazi kuanza, na kuarifiwa matumizi yakielekea kuvuka milioni 90. Kumpigia simu mtu wa taa si haki yake. Nimewahi kufanya kazi kwenye filamu moja ambapo mtoa fedha alikuja seti kila asubuhi na kubadilisha ratiba. Siku ya tano kikosi kilikuwa na karatasi mbili za kazi zinazopingana, na gari la mavazi lilikwenda mahali pasipo na kamera. Tuzo ya Oscar ya filamu bora hupewa watayarishaji, si watayarishaji watendaji. Kwenye tamthilia za televisheni hali ni tofauti: huko mtayarishaji mtendaji mara nyingi ndiye mwandishi mkuu anayeendesha kila kitu, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa jina kabla hujaona mkataba wake.

Kwetu mtu mmoja hubeba kofia mbili au tatu, na hilo linawezekana kwa filamu ndogo. Kofia mbili zisizokaa vizuri kichwa kimoja ni ya mwongozaji na ya laini prodyuza, kwa sababu mwongozaji akishaanza kuhesabu mafuta ya jenereta, macho yake yameondoka kwa mwigizaji. Dalili ya kwanza utaiona kwenye ripoti ya jioni. Skripti ya kurasa 90 kwa siku 18 inataka kurasa 5 kila siku. Siku ya nne ikiisha mna kurasa 14 badala ya 20, mnapiga kurasa 3.5 kwa siku, na kwa mwendo huo mtahitaji siku 26. Kama hakuna aliyeiandika ripoti hiyo, seti haina laini prodyuza, hata kama jina lake limo kwenye orodha. Mtafute mtayarishaji usiku huohuo. Siku ya nne bado kuna sini za kupunguza. Siku ya 15 kinachobaki ni kukopa.