Kutafsiri Waraka wa Mapenzi: Kutoka Kiswahili hadi Kituruki

Makala haya yanachunguza jinsi maneno ya mahaba yanavyohamishwa kutoka lugha chanzi hadi lugha lengwa. Tuchukue waraka wa kubuni wa baharia Mkenya aliye ughaibuni, anayemwandikia mkewe Mturuki aliyeko Izmir:

*Mke wangu mpenzi, roho yangu, nina hamu nawe mno. Mwezi ujao nitarudi. Mumeo akupendaye.*

Mtafsiri anayefuata neno kwa neno ataanza na *karım*, yaani “mke wangu”. Sarufi yake ni sahihi, lakini neno hilo hutumika zaidi mume anapomtaja mkewe kwa watu wengine. Mke akiitwa hivyo waziwazi huenda akauona waraka mkavu. Dawa yake ni kiambishi cha udogishaji, ambacho hapa huleta huba wala si udogo: *karıcığım*. Kabla yake huwekwa *canım*, linalotokana na *can*, “roho” au “uhai”. Kwa kuwa *canım* huweza kuambiwa hata rafiki, peke yake halitoshi kubeba “mpenzi” wa mume huyu.

“Roho yangu” huweza kutafsiriwa *ruhum*, lakini neno lililozoeleka baina ya wanandoa ni *hayatım*, “maisha yangu”. Hapa Mswahili atashtuka. *Hayat* na “hayati” ni maneno ya asili moja ya Kiarabu, ila kwetu “hayati” hutangulia jina la marehemu. Kwa Mturuki, neno hilo lingali hai.

Tutazame pia umilikishi. Kituruki huuambatisha mwishoni mwa nomino, na irabu yake hufuata irabu ya mwisho ya nomino: *hayat-ım*, *ruh-um*, *gül-üm* (“waridi langu”). Herufi *ı* isiyo na nukta ni tofauti na *i*. Anayeandika *hayatim* amekosea tahajia. Muundo huu si mgeni kwetu kabisa, kwani “mumeo” ni “mume wako” iliyofupishwa, sawa na *koca-n*.

“Nina hamu nawe mno” hugeuka kitenzi: *seni çok özledim*. Umbo hili ni la wakati uliopita, lakini hueleza hamu iliyopo sasa, jambo linalokaribiana na “-me-” yetu katika “nimechoka”. Aidha, nafsi ya mtenda, ambayo kwetu hutangulia (“ni-”), huja mwishoni (*-m*).

Tafsiri kamili basi ni hii:

*Canım karıcığım, hayatım, seni çok özledim. Gelecek ay döneceğim. Seni seven kocan.*

Katika hitimisho, “akupendaye” huwa *seni seven* na hutangulia nomino. Ili kuipima kazi hii, mtafsiri ampe Mturuki asiyeuona waraka wa Kiswahili, kisha amuulize ni nani anayemwandikia nani. Akijibu “mtu anamwandikia rafikiye”, huba imepotea njiani, hata kama sarufi yote ni sahihi.