Somo: Kukagua Hesabu ya Kidaraja

Tuchukue mfano wa kidaraja cha mbao juu ya mtaro unaoingia mfereji wa Nakivubo, Kampala. Ripoti yake ifuate mpango huu, ili kila mtu aweze kuikagua.

Kwanza, makadirio. Urefu ni mita 4, upana mita 1, boriti ni mbili. Mkazo katika mti usizidi kilo 80 kwa sentimita ya mraba.

Pili, mizigo. Watu waliosongamana ni kilo 500 kwa kila mita ya mraba, na mbao zenyewe kilo 100. Jumla ni 600 × 4 = kilo 2,400; kila boriti hubeba 1,200.

Tatu, hesabu. Nguvu ya kupinda katikati ni 1,200 × 400 ÷ 8 = 60,000. Boriti ya sentimita 10 kwa 20 hutoa 10 × 20 × 20 ÷ 6 = 667. Basi mkazo ni 60,000 ÷ 667 = 90. Haifai. Kimo kikiwa 25, mkazo ni 58. Inafaa.

Lakini boriti hiyohiyo ikilazwa ubapa, mkazo hufika 144. Kwa hiyo mchoro uonyeshe imesimamishwa. Tena, mti ukioza, ile 80 ya makadirio haipo tena.