Laana ya Mshindi: Unaposhinda Mnada na Kupata Hasara

Mizigo isiyochukuliwa na wenyewe katika Bandari ya Mombasa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na isipokombolewa huuzwa kwa mnada. Wakaazi wengi, hasa wenye vyama vya akiba, huvutiwa na minada hii. Kabla ya kupeleka pesa za chama huko, ni vyema kuelewa jambo ambalo wanauchumi huliita laana ya mshindi.

Tuchukue mfano wa kontena la vigae vya sakafuni. Wanunuzi 5 wanakagua. Masanduku ya mlangoni yanaonekana, ya ndani hayaonekani, na hakuna ajuaye ni mangapi yamevunjika. Tuseme vigae hivyo vikifika sokoni vitaleta shilingi 1,200,000, yeyote atakayevinunua. Wa kwanza anakadiria 900,000, wa pili 1,050,000, wa tatu 1,200,000, wa nne 1,300,000 na wa tano 1,550,000. Ukijumlisha na kugawanya kwa 5 unapata 1,200,000 kamili, yaani kwa pamoja hawakukosea hata kidogo.

Lakini mnada hauuzii wastani. Kila mmoja anapunguza 100,000 iwe faida yake, kisha anaandika bei na kufunga bahasha. Anayeshinda ni wa tano, kwa 1,450,000. Amepoteza 250,000, na bado hajalipa lori. Hakudanganywa na mtu. Alishinda kwa sababu ndiye aliyekosea zaidi kwa upande wa juu.

Wahandisi 3 wa kampuni ya mafuta ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliliandika jambo hili mwaka 1971, baada ya kuona kampuni zilizoshinda vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia.

Swali la kujiuliza kabla ya kuandika bei ni hili: nikishinda, ina maana wenzangu wote waliona thamani ndogo kuliko niliyoiona mimi, nikijua hivyo, bado ningelipa kiasi hiki? Jibu litakushusha. Wengi hudhani kwamba wanunuzi wakiongezeka ni lazima kupandisha bei. Kwa mzigo wa namna hii, ushindani ukiongezeka ndivyo unavyopaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwani kati ya watu 20 yule wa juu kabisa huwa amekosea zaidi kuliko wa juu kati ya 5.

Mnada wa kupaza sauti husaidia kidogo, kwa kuwa unaona wenzako wakijitoa, na kila anayejitoa anakupa habari. Tatizo ni joto la ushindani, ndiyo maana kikomo huandikwa nyumbani.

Anayenunua vigae vya nyumba yake mwenyewe hapatwi sana na laana hii. Kwake thamani ni matumizi yake, si bei ya sokoni, ingawa hata yeye vigae vilivyovunjika vitamhusu.