UKURASA MMOJA KWA MAUZO YA JUMA

Wengi wetu tunasaidia wazazi katika butike wakati wa likizo. Kila magaribi tunaandika katika kaye: sukari kiasi hiki, sabuni kiasi hiki. Mwisho wa juma kaye imejaa, lakini mama akiuliza, "Tumepata ao tumepoteza?", hakuna mwenye kujibu. Katika somo hili tutatengeneza ukurasa mmoja wa kujibu, mfano wa vile vipimo vilivyo mbele ya dereva wa kamio: anatupa jicho mara moja, anajua mafuta yangaliko ao yanaisha.

Tuseme ni butike ndogo ya Masisi, yenye kuleta vitu toka Goma kwa njia ya Sake. (Hesabu hizi ni za mfano tu.) Juma la kwanza iliuzisha franka 700.000, juma la tano 756.000. Baba anafurahi. Ngoja kwanza! Juma la kwanza dola moja ilikuwa franka 2.500, juma la tano ni 2.800. Ukigawanya, unapata dola 280 kwanza, kisha dola 270. Na kule Goma muuzaji wa jumla anahesabu kwa dola. Kwa hiyo butike imepanda kwa franka, lakini nguvu yake ya kununua imeshuka. Ndiyo sababu kila juma andika bei ya dola ya siku ile pembeni, usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa geuza karatasi ya miraba ilale. Juu, kwa herufi kubwa, andika hesabu tatu tu: mauzo dola 270, faida franka 78.000, madeni ya wateja franka 140.000. Chini yake weka michoro mitatu.

Mchoro wa kwanza, upande wa kushoto ambapo jicho linaanzia, ni mstari wa mauzo kwa dola: 280, 276, 284, 240, 270. Juma la nne linaonekana kama shimo. Lakini juma lile njia ilifungwa na butike ilifanya kazi siku tano, si sita. Dola 240 kwa siku tano ni 48 kwa siku. Juma la kwanza ilikuwa karibu 47. Basi andika "siku 5" chini ya shimo lile, ama watu watamgombeza bure mwenye kuuzisha.

Mchoro wa pili, kuume, ni fito za faida ya kila kitu, ndefu juu, fupi chini: sabuni 27.000, mchele 16.000, sukari 13.000, chumvi 12.000, mafuta 10.000. Angalia sukari! Kwa mauzo ndiyo ya kwanza, franka 260.000, lakini kwa faida ni ya tatu. Wengine wanapenda kuchora duara lenye vipande kama keki. Mimi silipendi hapa: kipande cha 13 na cha 12 jicho haliwezi kuvitenganisha, lakini fito mbili zenye kuanzia mstari mmoja zinajisema zenyewe. Tena fito zianze kwenye sifuri. Ukichora dola 280 na 270 kwa fito zenye kuanzia 265, ya kwanza itakuwa mara tatu ya ya pili, na huo ni uongo wa rula.

Mchoro wa tatu, chini, ni deni lililobaki mwisho wa kila juma: 40.000, 55.000, 60.000, 95.000, 140.000. Katika juma la tano peke yake deni liliongezeka 45.000. Faida ilikuwa 78.000. Ni kusema zaidi ya nusu ya faida haiko katika sanduku, iko kwa majirani. Huu ndio mchoro baba hakutaka kuona, na ndio wa kumwonyesha mbele ya safari ya Goma.

Mwenye kompyuta ya Kifaransa, majina ya vitu yakiwa katika safu B na faida katika D, aandike hivi:

```
=SOMME.SI(B2:B60;"sabuni";D2:D60)
```

Andika jina namna moja siku zote. Ukiandika "sabuni" leo na "savoni" kesho, ya kesho haitahesabiwa, na kompyuta haitakuambia kitu.

Je, tuache sukari kwa sababu faida yake ni ndogo? Mchoro hauwezi kujibu hilo. Pengine mtu anakuja kwa ajili ya sukari, halafu anachukua na sabuni. Kwa juma moja, weka alama katika kaye kila mara mteja mmoja anaponunua vyote viwili, kisha uhesabu alama mbele ya kuamua.