Nyumba ya Diani: jina langu au kampuni?

Swali: Naishi Msambweni. Nanunua nyumba Diani tuhamie, huenda nikaiuza baadaye. Niisajili kwa kampuni yangu?

Jibu: La, ndugu yangu, andika jina lako. Tuseme gharama zote, pamoja na wakili na ushuru wa stempu, ni shilingi milioni 5, kisha uiuze milioni 9. Faida ni milioni 4. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15: kampuni italipa 600,000. Ukijigawia hizo 3,400,000 zilizobaki kama gawio, asilimia 5 nyingine, 170,000, inakatwa. Kwa jina lako, ukiishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, faida hiyo haitozwi. Ukiipangisha watalii, msamaha huo unaupoteza. Hapo risiti zako ndizo zitakazopunguza kodi.